Kwa nini salamu ya asubuhi ni ndefu halafu ya saa nane ni nyusi tu

Kuna kitu kinanitokea kazini karibu kila siku na nadhani na wewe kinakutokea. Saa mbili asubuhi nakutana na mwenzangu mlangoni, tunasalimiana vizuri kabisa, mkono, za asubuhi, umeamkaje, wa nyumbani hawajambo. Saa nne napishana naye kwenye korido, hapo ni "vipi" huku kila mtu anatembea. Saa sita korido ileile, tabasamu. Saa nane mimi natoka chooni yeye anaingia, nyusi zinapanda kidogo basi. Saa tisa namwona anakuja kwa mbali na faili lake na hapo ndo shida inapoanza maana nimeishiwa, sina kilichobaki cha kumpa, naishia kutoa simu mfukoni na kujifanya nasoma meseji.

Aliyekaa chini akaliandika hili kwa makini ni Erving Goffman, mwanasosholojia mzaliwa wa Kanada, kwenye kitabu chake cha 1971. Hakuwa mtu wa kupima sekunde, alikuwa mtu wa kuangalia tu, lakini aliangalia vizuri kuliko wengi wenye saa mkononi. Hoja yake nikiisema kwa maneno yangu ni hii: watu wasipoonana uhusiano wao unalegea kidogo, siyo kwamba umeharibika, ila kila mmoja anapunguza uhakika kwamba kwa mwenzake bado yuko palepale alipokuwa. Salamu inakuja kulipia pengo hilo. Pengo kubwa malipo makubwa, pengo dogo malipo madogo. Na kuagana ni hesabu hiyohiyo ila inaangalia mbele, unalipia kabisa pengo ambalo bado halijaja, ndo maana anayetoka mara moja kuchukua kitu nje anaambiwa "haya" na anayeondoka kwa mwaka mzima anasindikizwa.

Ukiielewa hivyo korido inaeleweka. Saa mbili asubuhi tulilipa deni lote la usiku mzima. Saa nne deni ni la masaa mawili tu, tena ya kuwa jengo moja, kwa hiyo malipo yanashuka, na yanazidi kushuka kila tukionana mpaka inabaki alama tu ya kusema nimekuona. Hiyo alama haifi kirahisi ingawa haibebi habari yoyote, kwa sababu kupita bila kuitoa kabisa kungekuwa na maana yake, mtu angejiuliza nimemkosea nini.

Ila kuna kitu hapo cha kuangalia vizuri. Ni kwamba kinachohesabiwa siyo masaa matupu. Tukiachana saa tano asubuhi tukaonana tena saa kumi jioni ni masaa matano na salamu inatoka nusu nusu. Tukiachana saa tano usiku tukaonana saa kumi na mbili asubuhi ni masaa saba, karibu sawa tu, lakini salamu inatoka nzima kama vile hatujaonana siku nyingi. Usiku unafanya kazi ya mstari, unafunga daftari, asubuhi ukurasa mpya. Kwa hiyo mtu akikuambia ametafiti "muda tangu waonane" muulize kwanza, muda wa saa ya ukutani au idadi ya mistari iliyovukwa? Kiswahili chenyewe kinaijua hii mistari: tuna za asubuhi, za tangu asubuhi, za tangu jana, za siku nyingi, yaani pengo limetiwa ndani ya salamu yenyewe. Mwambie mtu "za siku nyingi" na jana mlikuwa wote uone atakavyokuangalia.

Na huko kuangaliwa ndo ushahidi wenyewe, ngoja nieleze kidogo. Unajuaje kwamba kitu ni kanuni na siyo mazoea tu? Unaangalia kinapovunjwa. Kuna siku nimemsalimia mtu kwa kirefu kabisa nikiwa nimesahau kwamba tulishaonana asubuhi, akaitikia mara moja, mara ya pili akacheka, "si tumesalimiana leo?" na mimi nikaanza kujieleza, aah samahani, kichwa leo hakipo. Hakuna kosa lolote nililofanya jamani, nimemtakia mtu heri mara mbili, lakini wote wawili tulijua kuna kitu kimekwenda kombo na lazima mtu atoe maelezo. Upande wa pili ni hivyohivyo. Mtu ametoka safari ya nusu mwaka unamtupia "mambo" na kuendelea na shughuli zako, hatalalamika, ila jioni atamwambia mtu mwingine kwamba siku hizi umebadilika. Salamu iliyozidi inaonekana kusahau, iliyopungua inaonekana kinyongo.

Sasa urefu wenyewe unapimwaje? Hapa ndo watu wengi wanachanganya. Sekunde ni rahisi kupima ila zinadanganya, mwingine anaongea taratibu tu. Njia nzuri zaidi imetoka kwa watu wa uchambuzi wa mazungumzo, na hasa Emanuel Schegloff, ambaye mwaka 1968 alichapisha makala iliyotokana na simu kama 500 zilizopigwa polisi, akiangalia mwanzo tu wa simu, ule mwanzo ambao sisi wote tunaona hauna kitu. Baadaye, 1986, akapanga mwanzo wa simu za kawaida kwenye ngazi nne: simu inaita na mtu anaitika, wanatambuana nani ni nani, wanasalimiana, wanaulizana hali. Baada ya hapo panakuja mahali alipopaita kwa neno lenye maana ya nanga, yaani pale ambapo aliyepiga anategemewa kusema amepigia nini. Hiyo nanga ndo inayotusaidia. Unahesabu zamu za kuongea kabla ya nanga na hapo umepata urefu wa salamu, haijalishi mtu anaongea haraka au polepole.

Tujaribu na simu mbili za kubuni. Dada mkubwa anampigia mdogo wake wa kiume, na shida yake ni ileile mara zote mbili, anatafuta funguo. Simu ya kwanza, wameongea saa moja iliyopita:

— Haloo.
— Eeh, hivi zile funguo uliweka wapi?

Nanga iko zamu ya pili. Hakuna aliyejitaja, sauti imetosha, hakuna salamu, hakuna hali, na hakuna aliyeona ajabu. Simu ya pili ni watu walewale, sauti zilezile, ila wana miezi mitatu hawajaongea:

— Haloo.
— Haya, kumbe bado upo.
— Heee! Shikamoo dada.
— Marahaba. Umepotea wewe.
— Mimi nipo, wewe ndo umepotea.
— Haya tumepotea wote. Watoto?
— Hawajambo, yule mdogo ameanza shule.
— Acha wee! Na wifi?
— Mzima kabisa. Shemeji naye?
— Yupo, mzima. Sasa sikiliza, hivi zile funguo uliweka wapi?

Nanga imesogea mpaka zamu ya kumi. Wametofautiana na simu ya kwanza kwa kitu kimoja tu, muda. Lakini zichambue zile zamu za katikati utaona siyo kitu kimoja. Kuna shikamoo na marahaba, hiyo ni salamu yenyewe, na haiongezeki hata wangekaa miaka mitano, shikamoo ni moja. Kuna "umepotea, wewe ndo umepotea", hiyo ni kulishughulikia pengo lenyewe, wanagawana lawama mpaka wanakubaliana kwamba ni ya wote, na hii inatokea tu pengo likiwa kubwa kiasi cha kuhitaji maelezo. Halafu kuna watoto, wifi, shemeji, ambayo kwa sura ni salamu lakini ndani yake habari zinapita, mtoto ameanza shule na dada alikuwa hajui.

Kwa hiyo muda unarefusha salamu kwa njia tatu tofauti na kila moja ina mwendo wake. Salamu tupu inajaa haraka na kusimama. Kulipia pengo kunaanza pengo likishakuwa la kuonekana. Habari zilizorundikana zinaongezeka kadiri muda unavyokwenda, mpaka pale muda unapokuwa mrefu mno watu hawajui tena waulize nini, maana hata majina ya watoto wameyasahau. Anayehesabu vyote pamoja na kusema "muda ukiongezeka salamu inarefuka" hajakosea, ila amekuchanganyia maji na mchanga kwenye ndoo moja.

Tuhamie kwenye umbali. Neno lenyewe lina maana mbili, umbali wa kujuana na umbali wa mita, nianze na wa kujuana. Ukimuuliza mtu yeyote atakuambia kadiri mnavyojuana zaidi ndivyo mnavyosalimiana zaidi. Ukiwauliza Penelope Brown na Stephen Levinson, ambao kazi yao juu ya adabu ilitoka 1978 na kurudi kama kitabu 1987, ungeelekea upande wa pili kabisa. Wao wana fomula yao maarufu ya uzito wa jambo lolote linaloweza kumgusa mtu vibaya:

```
Wx = D(S,H) + P(H,S) + Rx
```

D ni umbali wa kujuana kati ya msemaji na msikilizaji, P ni mamlaka ya msikilizaji juu ya msemaji, R ni ukubwa wa jambo lenyewe. Vyote vinajumlishwa, kwa hiyo umbali ukikua, uzito unakua na adabu inatakiwa iongezeke. Ni fomula nzuri kwa kumwomba mtu kitu, lakini ukiichukua ukaibandika kwenye salamu ungetegemea mgeni kabisa ndo apate salamu ndefu kuliko wote, na mgeni kabisa kwenye foleni unamwangalia kisogo.

Aliyeweka jambo hili sawa kwangu ni Nessa Wolfson, Mmarekani, kwenye makala yake ya 1988. Yeye na wanafunzi wake walikuwa wanakusanya vitu vya kawaida, mtu anavyomsifia mwenzake, anavyomwalika, anavyoomba radhi, na akaona kitu cha ajabu: watu wa mbali kabisa na watu wa karibu kabisa wanatendewa karibu sawa, maneno machache, moja kwa moja, bila kuzunguka. Maneno mengi yako katikati, kwa watu wanaofahamiana lakini hawajawa wa ndani. Ukichora unapata mstari wenye uvimbe katikati, na uvimbe ndo maana ya jina aliloupa, mimi huwa nauita kitumbo. Data zake ni za Wamarekani wa tabaka la kati na hakukusanya salamu tu, hilo tusilifiche, lakini ukiliweka kwenye salamu linakaa vizuri sana.

Sababu yake ndo tamu. Mgeni kabisa hatuna uhusiano, hakuna cha kutunza. Ndugu wa damu tuna uhusiano ambao hauwezi kuvunjika kwa sababu leo sijakuuliza hali, hakuna cha kuhakikisha. Lakini yule tuliyefanya kazi pamoja zamani, yule wa nyumba ya tatu, yule ambaye watoto wetu wanasoma darasa moja, huyo hatujui hasa sisi ni nani kwake. Tunaweza kuwa marafiki mwakani, tunaweza kuwa tunapishana tu. Kila tukionana lazima tuupime uhusiano upya na kuuhakikisha, na vipimo vyenyewe ni maneno. Ndo maana unaweza kumaliza dakika tano barabarani na mtu ambaye humjui jina la pili, ukafika nyumbani ukamwambia mdogo wako "sogea" tu.

Sasa changanya vitu viwili, umbali na muda, ndo mkanganyiko unapoanza. Watu wa mbali kwa kawaida tunaonana nao mara chache. Kwa hiyo ukirekodi salamu mia mtaani ukakuta za watu wasiojuana sana ni ndefu, umepata nini? Inawezekana ni kitumbo cha Wolfson, inawezekana ni pengo la Goffman tu, kwa sababu wale wa mbali ndo haohao ambao hawajaonana muda mrefu. Namba peke yake hazitakuambia. Inabidi ushike kimoja kisitikisike.

Njia rahisi ya kushika muda ni mtu anayerudi kutoka likizo. Chukulia amekaa wiki tatu, anarudi Jumatatu, watu wote ofisini wana pengo lilelile naye. Wa meza ya jirani, ambaye wamekuwa wakitumiana meseji likizo nzima, anamwambia "umerudi?" na kumsukumia karatasi. Wa idara nyingine, ambaye huwa wanakutana kwenye vikao tu, anasimama, likizo ilikuwaje, ulikwenda wapi, umenawiri, wote wazima, karibu tena. Mgeni aliyeajiriwa siku chache tu kabla ya hiyo likizo anasema habari. Muda ni uleule na kitumbo kimetokea, kwa hiyo hapo umbali unafanya kazi yake peke yake.

Ila mwangalie vizuri yule wa meza ya jirani, maana ametuonyesha kitu kingine. Pengo lake halikuwa wiki tatu, lilikuwa tangu meseji ya jana usiku. Saa inayohesabiwa ni ya mawasiliano ya mwisho, siyo ya kuonana kwa macho. Japokuwa hata hilo lina mpaka, mmeongea kwa simu kila siku miezi sita, siku mkionana uso kwa uso bado mtakumbatiana na kupiga kelele, kwa hiyo mwili una saa yake na mdomo una saa yake. Hebu fungua meseji zako na mtu mmoja tu, pandisha juu utafute salamu, angalia zimekaa wapi. Ndani ya mazungumzo ya saa moja huzikuti. Zinarudi baada ya mapumziko, na kwa mtu wa karibu itahitaji mapumziko marefu zaidi kuliko kwa mtu wa katikati. Mtu wa katikati akikuandikia kesho yake bila salamu, moja kwa moja "nitumie ile namba", unahisi amekuingilia.

Hivyo ndo ninavyousoma mimi uhusiano wa hivi viwili: hawajumlishani kama kwenye fomula, bali umbali ndo unaoamua saa ya mtu inakwenda kasi gani. Ya mgeni haijawashwa. Ya mtu wa katikati inakimbia, siku moja tu inatosha kudai salamu kamili. Ya ndugu inakwenda polepole sana, ila ikishapiga, baada ya miezi au miaka, inapiga kwa kishindo kuliko zote.

Na haya yote yana mipaka. Judith Irvine, kwenye makala ya 1974 juu ya Wawolofu wa Senegali, alionyesha kwamba salamu ni mchezo wa hadhi, anayeianza na kuuliza maswali mengi anajiweka chini, na kuna watu wanagombania hiyo nafasi ya chini kwa makusudi kwa sababu aliyewekwa juu anaweza kuombwa msaada. Hapo salamu ndefu haikuambii umbali wala muda. Na makala ya 1976 juu ya Watuaregi jangwani, ya Ibrahim ag Youssouf na wenzake wawili, inavunja kabisa mwisho mmoja wa kitumbo, maana kule wageni wakionana hawawezi kupishana kimya, jangwa ni hatari na kila mtu anataka kujua huyu ni nani na anakuja kwa wema au la. Ukimya kwa mgeni unawezekana pale tu ambapo wageni ni wengi na hawana madhara.

Umbali wa mita nao usisahaulike. Adam Kendon na Andrew Ferber waliandika mwaka 1973 baada ya kuchambua filamu za watu wakisalimiana, mojawapo ya sherehe ya siku ya kuzaliwa iliyofanyika nje, wakirudia picha kwa picha. Walichokuta ni kwamba watu wakionana kwa mbali salamu inakatwa vipande viwili: moja ya mbali, mkono juu au kichwa kurushwa au kuita, na nyingine ya karibu wakishafikiana, na katikati kuna safari ya kutembea. Kwa hiyo uwanja mrefu unazaa salamu mbili pale ambapo mlango ungezaa moja. Kwenye ile safari ya katikati watu hawaangaliani. Wanatoa macho pembeni, wanajishika nywele, wanarekebisha nguo, mkono unapita mbele ya kifua, halafu zikibaki hatua chache macho yanarudi na tabasamu linawashwa. Nilipoisoma hiyo nikakumbuka korido, saa tisa, jamaa na faili lake kwa mbali, mimi na simu. Wao kwenye filamu walikuwa hawana simu, walikuwa wanajipangusa tu mashati.